Fiche Yangu ya Somo la Umeme

Nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia katika shule moja ya Kisangani. Siku moja kabla ya prefe, mkuu wa shule, kuja kunisikiliza nikifundisha, mkuu wa idara yetu ya sayansi aliniita apitie fiche yangu, yaani karatasi ya matayarisho ya somo. Nilikwenda kwa mashaka. Wenzangu walikuwa wameninong'oneza kwamba mpwa wake anazitaka saa zangu za kufundisha.

Aliisoma polepole, kisha akauliza, "Madame, hii fiche uliitoa wapi?"

"Niliandika miye mwenyewe, Papa."

"Iko muzuri sana kwa mutu wa kuanza."

Sikuisikia kama sifa.

Akaweka kidole kwenye lengo: mwanafunzi ataelewa jinsi maji yanavyotoa umeme. "Kuelewa, utakuona na macho? Andika kile mutoto atafanya. Ataeleza njia yote, kutoka maji mpaka taa. Na swali lako la mwisho linauliza tu barrage yetu, lile bwawa la umeme, iko kwenye mto gani. Hata mwenye hajakuja masomo atajibu Tshopo."

Alisema kweli, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Nilisahihisha huku nikimtazama kwa pembe ya jicho.

"Na ile gurudumu ya bati, uiache," akaongeza. "Darasa iko na watoto wengi. Wa nyuma hawataona kitu."

Hapo nikashindwa kujizuia. Gurudumu lile, la kuzungushwa na maji, nililikata mwenyewe kutoka kopo la maziwa. Bila hilo somo lingekuwa kavu, na nani angefaidika?

"Papa, nasikia mtoto wa dada yako anatafuta saa zangu."

Hakukasirika. Alifunga kalamu yake.

"Ni kweli, anatafuta. Ndiyo maana nachunguza kila mustari. Ukianguka kesho, wote watasema ni miye nilikuangusha."

Sikujua kama nimwamini. Nilimwambia gurudumu sitaliacha. Alifikiri kidogo, akasema basi nipite nalo kati ya mabenchi mwanzoni, wakati wa kuwaamsha watoto hamu, nisingoje katikati ya somo.

Kesho yake nilifanya hivyo. Maji yalimwagika, watoto wakacheka, na muhtasari ubaoni niliuandika mbiombio. Lakini kwa swali la mwisho, msichana wa benchi la nyuma alieleza kwa maneno yake jinsi maji yanavyosukuma turbine, nayo ikazungusha mashine ya kutoa umeme, mpaka waya zinazofika kwao. Prefe aliniambia lengo lilikuwa wazi na muda ulinishinda. Saa zangu zilibaki zangu.

Baadaye mkuu wa idara aliomba nimwachie ile fiche, awaonyeshe walimu wengine.

Nilimpa nakala. Ile yenyewe niliitia mkobani.