Kilo Moja ya Ndagala

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa mmenibana, basi sikilizeni, na atakayecheka kabla sijamaliza nanyamaza hapo hapo.

Mi nimesomea Kigoma, mnajua, tulikaa huko mpaka namaliza sekondari, halafu baba akaturudisha Bujumbura nikaingia chuo kusomea mambo ya vyakula. Kifaransa nilikikamata, si vibaya. Kilichonishinda ni kitu kidogo ambacho hakuna aliyenionya, maana kila mtu alidhani nakijua. Kigoma tulikuwa tunaandika moja na nusu kwa nukta katikati, na mkato tunautumia kutenganisha maelfu. Huku ni kinyume: mkato (virgule, wanavyouita) ndiyo nukta yao. Nikiona 0,5 naelewa, nikiona 14,20 naelewa, nani ataandika elfu namna hiyo? Lakini nilikuwa sijawahi kukutana na sifuri tatu nyuma ya mkato.

Sasa siku ya mtihani wa kemia ya vyakula, Madame Générose, profesa wetu, akatuletea swali la hesabu. Ndagala (dagaa, tulivyowaita Kigoma) zilizokaushwa zimenunuliwa sokoni mtaa wa Quartier Asiatique, muuzaji anasema zina protini isiyopungua asilimia sitini. Kipimo kilichochukuliwa: 1,000 g. Asidi ya kupimia, 0,5 mol kwa lita, imetumika mililita 14,20, na kwenye jaribio tupu (lile lisilo na samaki ndani) 0,20. Tafuta protini. Je, muuzaji anasema kweli? Na mtoto anayehitaji gramu 20 za protini kwa siku, ukimpa ndagala tu, ale kiasi gani?

Nikasoma: kilo moja.

Hesabu yenyewe niliijua kama jina langu. Unatoa jaribio tupu, zinabaki mililita 14. Zidisha kwa 0,5, ni milimol 7 za nitrojeni. Zidisha kwa 14, uzito wa nitrojeni, ni miligramu 98. Zidisha kwa 6,25, kwa sababu katika protini nitrojeni ni kama asilimia kumi na sita, unapata gramu 0,6125 za protini. Vizuri sana! Halafu nikagawanya kwa gramu elfu moja. Asilimia 0,06. Na mtoto? Ale kilo thelathini na mbili na ushee. Kwa siku!

Mtu mwenye akili hapo angesimama. Mi nikasema, ahaa, kumbe huu ndio mtego wa swali, muuzaji ni mwizi. Nikaandika kwa mwandiko mzuri, nimepigia na mstari: «Hizi si ndagala, ni takataka, watu waonywe.» Nikatoka kichwa juu.

Ningeenda nyumbani yangeishia hapo. Lakini nikaamua kupita kwa shangazi Mwamini, dada yake baba, ambaye anauza ndagala kwa magunia huko huko Asiatique, na ambaye watu wanamjua kwa kitu kimoja, hadanganyi. Nikamkuta anafunga magunia ya kupeleka Kibenga, kwenye kituo cha watoto waliodhoofika kwa njaa, ambao ndagala zake husagwa zikachanganywa na uji wao. Nami, mbele ya wafanyabiashara wenzake wote (jamani, mdomo huu!), nikasema: «Shangazi, leo chuo wametuonyesha, ndagala za Asiatique hazina protini. Mtoto anatakiwa ale kilo thelathini na mbili ndio apate kitu.»

Akaniangalia. «We Zuhura, unasema kweli?»

«Wallahi shangazi, nimepiga hesabu mwenyewe.»

Nimeapa, mnasikia? Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo, aliamini kwa sababu mi ndiye mtoto wa shule. Akafungua kamba za magunia, akapiga simu Kibenga, nikamsikia anasema: «Apana, musipike zile muko nazo. Mi siwezi kulisha batoto bagonjwa kitu haina nguvu.» Halafu akakaa juu ya gunia. Majirani ndio waliowaka. «Nani anaharibu jina letu? Twende huko chuo!»

Asubuhi yake wakaja. Shangazi mbele na mfuko wa ndagala mkononi, wazee wawili nyuma, na mi katikati nawaelekeza kama wakili wao. Wanafunzi wenzangu wamejipanga barazani wanatazama. Madame Générose akatoka, akasikiliza mpaka mwisho bila kukata neno, akaingia, akarudi na karatasi yangu.

«Zuhura, hiyo kilo moja uliitia katika tube gani?»

«Ile ya maabara, Madame.»

Akatuingiza ndani akanionyesha ile tube, kibomba cha kioo. Haizidi mkono wangu urefu, na kidole gumba kinajaza mdomo wake. Kilo moja ya ndagala hapo! Akaweka kidole juu ya ule mkato. «Hii ni gramu moja. Moja, virgule, sifuri sifuri sifuri. Mizani yetu inapima mpaka sehemu ya elfu ya gramu.» Barazani mtu akapasuka kicheko, wakafuata wote. Mi nilitamani sakafu inifunike.

Lakini shangazi hakucheka. Akauliza: «Sasa iko na nguvu ao haina?» Madame akasema, «Tuangalie.» Tangu alfajiri, ili aje kutusahihishia darasani, alikuwa amechemsha gramu ya ndagala zile zile za mtihani katika asidi kali, ikaungua ikawa nyeusi, ikasafika mpaka ikawa kama maji. Samaki huoni tena. Akatia soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, akapitisha mvuke, na ule mvuke ukadondoka kwenye maji ya rangi ya waridi. Tone la kwanza, hakuna kitu. La pili, la tatu, halafu ile waridi ikageuka kijani mbele ya macho yetu, kijani kabisa! «Hiyo ni nitrojeni ya samaki,» akasema, «imetoka kwenye protini yake.» Akaanza kudondosha asidi polepole mpaka waridi ikarudi, akasoma: 14,20. Asilimia sitini na moja. Shangazi akashika kifua: «Subhanallah! Yote hii ilikuwa ndani ya gramu moja?» Wazee wakavua kofia. Nami nilisahau aibu yangu, nikasimama pale mdomo wazi, kwa sababu hesabu nilikuwa naijua siku zote lakini sikuwahi kuamini kwamba ni kitu kilichomo kweli ndani ya samaki. Na mtoto? Gramu thelathini na mbili. Kiganja kimoja!

Watu wakafurahi, wakapeana mikono. Shangazi peke yake akageuka kwangu, akauliza kwa sauti ya chini: «Na jana jioni, batoto ba Kibenga balikula nini?»

Nikambebea mfuko wake mpaka Asiatique. Akanipakiza garini pamoja na magunia, na kule Kibenga akanisukuma mbele nijieleze mwenyewe. Mpishi, mama mmoja mpole, alinisikiliza halafu akasema hapana neno, jana waliwapa uji mtupu, yule mdogo wa kitanda cha dirishani ndiye alikuwa anakoroga koroga kwa kijiko anatafuta samaki.

Madame alinipa alama za njia, akanikata za jibu, nikapita. Sitaapa tena kwa namba ambayo sijaisoma kwa sauti mara mbili. Siku ile nilibaki Kibenga mpaka jioni, nikasaga ndagala kwa mikono yangu, nikampelekea yule mdogo bakuli lake mwenyewe, akala lote bila kuniangalia.