Kamba ya Sita

Bertila wa Mjimwema aliishia darasa la pili, na shemeji yake Wiliam alimnyanyasa kwa hilo. Mume alipofariki, Wiliam ndiye aliyemsomea ramani ya shamba, akasema shamba linaishia kwenye ua wake wa miti. Bertila akaamini miaka kumi na moja.

Jumatano Mwalimu Badru akaja na darasa la sita kujifunza vipimo vya ramani. Bertila akawatolea ile ya marehemu.

"Bibi, sogeza jembe huko. Chuma kinavuta sindano ya dira," Mwalimu akasema.

Kwenye ramani, kutoka barabarani kwenda mashariki mpaka mwisho wa shamba, rula ilisoma sentimita sita. Skeli ilisema sentimita moja ni mita kumi, basi ni mita sitini. Watoto wakafuata dira wakinyoosha kamba ya mita kumi. Mara ya tano ikafika kwenye ua. Ya sita wakaipenyeza chini ya ua, ikaishia katikati ya viazi vya Wiliam.

Wiliam akaja mbio. "Shemeji, unafuata michezo ya watoto?"

"Michezo yao imekufumania, mwizi we!"

"Basi yaishe. Sisi ndugu."

"Ndugu? Wanangu walilala njaa, wewe unavuna hapo!"

Akamwambia Mwalimu achomeke kigingi palepale kamba ilipoishia. Jumapili kanisani, Wiliam alipompa mkono wa amani, Bertila aliutazama tu, kisha akageukia ukuta.