Fomu ya Tathmini na Kinga ya Kisu

Mimi ni Mkenya na mdomo wangu haujui breki. Ndiyo maana nilicheka siku nilipojikuta mimi ndiye ninayelainisha maneno ya bosi wangu.

Nilikuwa mkalimani katika kiwanda cha katoni, eneo la viwanda la Kampala, mwendo mfupi kutoka nilikopanga Kyambogo. Mafundi wakuu walikuwa Wachina. Bosi wangu, mama wa Kiganda aliyesimamia wafanyakazi, alikuwa ameandaa fomu ya kutathmini kazi, na alitaka niitafsiri kwa Kichina. Fomu yenyewe ilikuwa kali kama pilipili: “Ameshindwa.” “Mzembe.” “Hafai kuongoza.”

Wa kwanza kujaziwa alikuwa fundi mkuu wa mashine ya kukatia. Alizoea kuondoa kinga, kile chuma kinachozuia mikono isifike kwenye kisu, ili kazi iende haraka. Wenye kiwanda walikuwa wameamua kwamba asipobadilika, mkataba wake hautaongezwa. Mwenyewe hakujua. Fomu hiyo ndiyo ingemwambia.

Sikuweza kuiacha ilivyo. Neno la Kichina la “ameshindwa” pale kiwandani lilikuwa likigongwa muhuri kwenye katoni mbovu. Huwezi kumgonga mtu mzima muhuri huo ukategemea akusikilize. Basi nikalainisha. Kwenye “mzembe” nikaandika kwamba upande wa usalama bado kuna nafasi ya kuboresha, na mwishoni nikaweka “tunatumaini ataendelea kujitahidi.” Nilijiona bingwa.

Nilimpelekea mhasibu wetu, dada wa Kichina mwenye maneno machache, nikamwomba asome kisha aniambie fundi huyu anaendeleaje.

“Vizuri,” alisema. “Anaongezwa mshahara?”

Nilimuuliza na ile nafasi ya kuboresha je? Akanitazama kwa huruma. Kwao, alinieleza, maneno hayo huandikiwa kila mtu, hata mtoto anayeongoza darasa. Hakuna anayeyasoma.

Nilikuwa karibu kumfukuzisha mtu kazi huku nikimchekea. Bosi wangu naye, nilipomweleza, hakunionea haya.

“Dada, hiyo ni sukali tu,” alisema kwa Kiswahili chake cha Kampala. “Hiyo muntu atajua aje kama yeye iko kwa shida?”

“Lakini mama, ukimtukana hatasikia.”

“Sasa sema bila kutukana. Lakini sema!”

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilianza upya, safari hii nikiondoa majina ya tabia na kuacha matendo. “Mzembe” ikawa: “Huendesha mashine bila kinga, mwendeshaji anaweza kukatwa vidole. Kinga ifungwe kabla ya mashine kuwashwa. Itakaguliwa.” “Ameshindwa” ikawa “hajafikia kiwango,” kwa sababu kiwango mtu anaweza kukifikia kesho, na alama aliyopewa nikaiacha pale pale chini kabisa. Jambo la mkataba nikaliandika wazi, katika sentensi yake peke yake. Juu nikaweka sifa ya kweli: waendeshaji wote wa mashine ile, wengi wao Wakongomani, ni yeye aliyewafundisha.

Mhasibu alisoma, akakunja uso. “Huyu yuko hatarini,” alisema. “Lakini hamjamkatia tamaa.” Nilitaka kumkumbatia.

Bosi alikuwa amepanga kusoma tathmini kwenye mkutano, wote wakiwepo. Nilimsihi tufanye ofisini, mlango ukiwa umefungwa, maana fundi akiaibishwa mbele ya wanafunzi wake angetetea heshima yake na kusahau kisu. Alikubali, tena akaagiza chai.

Fundi alisoma polepole, akarudia.

“Kwa hiyo mkataba wangu unaweza kuisha?” aliuliza.

“Ndiyo,” nilisema. Sikuongeza sukari.

Alisogeza chai pembeni. “Kila kiwanda nilichofanyia kazi waliniandikia niendelee kujitahidi,” alisema. “Vitatu havikuniongezea mkataba. Sikuwahi kuambiwa kwa nini.”

Nilimtafsiria bosi. Mama wa watu aliweka kikombe chini. “Mwambie hapa tumemuambia,” alisema.

Mwisho wa fomu kuna nafasi ya mfanyakazi kutoa maoni, ambayo wengi huiacha tupu. Fundi aliandika mstari mmoja: “Nani atakuja kukagua, na lini?” Bosi alisema ni yeye mwenyewe, kesho asubuhi.

“Kwa nini kesho?” fundi aliuliza, akainuka.

Tulimfuata. Kinga ilikuwa nyuma ya mapipa ya gundi, imejaa vumbi. Alizima mashine, akaifuta kinga kwa mkono wa shati lake, kisha akawaita waendeshaji wake wasogee waone inavyofungwa.