Mkono Uliomrusha Mtoto

Studio yangu ya katuni pale Kimara niliianzisha mwenyewe, kwa diploma niliyoisotea ughaibuni. Sikubebwa na mjomba yeyote. Kwa hiyo mama wa mradi wa afya alipoomba katuni yake ya chanjo tuipunguze kasi mara nne pale mzazi anapomnyanyua mtoto apewe matone ya chanjo, nilimjibu, "Hilo dogo, mama. Njoo kesho saa nne asubuhi." Isipomridhisha, alisema, kazi anaipeleka kwingine.

Kesho yake saa tatu nilicheza kipande hicho, tulichokivuta usiku ili kiende polepole. Mzazi alimnyanyua mtoto vizuri, kisha bega lake likazunguka kama feni na mtoto akapita katikati ya kifua chake.

"Braza, unamrusha mtoto wa watu!" alisema mwenzangu, dada wa Mbagala tunayefanya naye kazi.

"Tulia, sista. Mizunguko imeruka tu."

Nililijua tatizo. Mwendo tuliuingiza kutoka programu nyingine, na kwenye fremu moja, yaani picha moja ya mwendo, bega lilikuwa nyuzi 178, inayofuata hasi 178. Mkao ni karibu uleule, ndiyo maana kwa kasi ya kawaida hatukuona kitu. Tulipouvuta, kompyuta ilijaza nafasi ya katikati kwa kuzungusha bega njia ndefu. Dawa yake ni filta ya Euler, inayotafuta miruko ya namba kama hiyo na kuiunganisha kwa njia fupi. Nikachagua mistari yote mitatu ya mzunguko, nikabonyeza.

Bega likazunguka vilevile.

Nikabonyeza tena. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu filta hiyo.

"Ulibeki lini?" dada aliuliza. "Kabla ya kuvuta au baada?"

Kubeki ni kuiagiza kompyuta iandike ufunguo, yaani mkao uliofungwa, kwenye kila fremu mpya, nami nilibeki baada ya kuvuta. Sasa bega lilikuwa na 178, 89, sifuri, hasi 89. Hakukuwa na mruko wa kurekebisha. Filta iliona mwendo halali.

"Umeuandika mwenyewe huo mzunguko, msomi."

Kibaya zaidi, kwa kujiamini kwangu, nilikuwa nimehifadhi juu ya faili lilelile. Nilitafuta mwendo wa awali huku nasikiliza geti. Dada akachomeka flashi yake, alikuwa amebakiza nakala humo. Tukauingiza upya, tukapitisha filta kwanza: hasi 178 ikawa 182, mstari ukanyooka. Ndipo tukavuta, kisha tukabeki.

Geti likagongwa. Toleo hilo jipya sikuwa nimelicheza hata mara moja.

"Shikamoo, mama," nilisema nikimvutia kiti.

"Marahaba. Haya, tuone."

Mtoto akanyanyuka taratibu. Nilipoliona bega linakaribia fremu ile, nilitazama sakafu.

"Rudisha hapo begani," alisema.

Nikarudisha, bado sitazami.

"Mbona wewe huangalii?" aliuliza. "Pazuri hapo. Tuendelee na sehemu inayofuata."

Dada ndiye aliyeifungua. Mimi sikuthubutu tena kugusa kipanya.