Mama Mkwe Alipotaka Kusikia Mwenyewe

Binti yangu mkubwa alikuwa hatulii kitini hata somo moja. Mdogo wake, wa miaka mitano, alikuwa hasemi, na mashine ya kusaga ikinguruma aliziba masikio akapiga mayowe. Ukoo wa mume wangu kule Machame ulishakata shauri: mkubwa nilimdekeza, mdogo nilimwachia msichana wa kazi nikaenda kufundisha mjini, na juu ya yote kulikuwa na laana ya kuondolewa kwa kuchinja mbuzi.

Daktari wa watoto pale Moshi alikuwa amenieleza vingine, lakini niliporudia maneno yake kihambani, kwenye shamba la ukoo, niliambiwa najitetea. Nikachoka. Nikampeleka mama mkwe kwa daktari huyo akasikie mwenyewe.

"Shikamoo, bibi," daktari alimwamkia.

"Marahaba. Huyu mkubwa si mkaidi? Au ni soda? Anazipenda mno."

"Si ukaidi wala si sukari. Sehemu za ubongo zinazomsaidia mtu kutulia na kushika jambo moja, kwake zinakua tofauti. Anaelewa unachomtuma, ila kinamponyoka njiani. Fimbo haibadilishi hilo."

"Na huyu mdogo? Mama yake hakukaa naye."

"Hata angekaa naye kutwa, angekuwa hivi. Usonji huanza ubongo unapojengeka, tangu tumboni. Malezi hayauleti. Dawa ya kuuondoa hakuna, lakini atajifunza mengi akifundishwa kwa njia yake." Kisha akaongeza, "Hali zote mbili mara nyingi hurithiwa katika ukoo."

Mama mkwe akanigeukia. "Marehemu baba mkwe wako alianza kila kazi asimalize hata moja. Miaka yote nilimwita mvivu."

"Siwezi kumpima marehemu," daktari alisema taratibu. "Lakini si ajabu."

Jumapili ukoo ulikutana, mbuzi ameshafungwa kwenye mgomba. Mama mkwe akasimama. "Mrudisheni zizini. Hakuna laana hapa. Watoto wamezaliwa na ubongo wa namna hiyo, na huenda umetoka kwetu."

"Mama, wasomi wamekudanganya," shemeji yangu alisema.

"Mimi nimeenda nikauliza. Wewe umemuuliza nani?"

Mbuzi akafunguliwa.

Shuleni nilimsumbua mwalimu wa mkubwa mpaka akakubali kumkalisha mbele, kumpa agizo mojamoja na kumtuma kufuta ubao anapoanza kuhangaika. Alama hazikupaa, ila aliacha kulia asubuhi wakati wa kwenda shule. Kwa mdogo tulichora picha: kikombe, sahani, choo. Mama mkwe alizibandika kwenye vipande vya boksi na kumwonyesha kila siku, hata majirani walipocheka.

Miezi ikapita bure. Siku moja mtoto alimfuata bibi yake zizini, akamwekea picha ya kikombe mkononi. Bibi akaacha majani ya ng'ombe, akammiminia maziwa.

"Ameomba!" aliniita kwa sauti kubwa. "Kesho tutafute shule itakayompokea. Wakikataa, tutakwenda nyingine."

Walikataa. Tukaenda nyingine.