Bango Lililobadilika Pichani

Picha saba alizonitumia mama mdogo zilikuwa na giza kiasi kwamba mwanzoni nilidhani simu yake ilipiga picha yenyewe ndani ya pochi. Nilipoikuza mojawapo nikaona pembe ya kitu cha njano kilichofifia kuwa kahawia, na juu yake chenga: chembechembe nyekundu, kijani na buluu, zimetapakaa kama mchanga uliomwagwa juu ya kioo. Lilikuwa bango. Lilisimama kando ya bwawa la marudio, yaani tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa kwa sianidi, na lilikuwa na maandishi ya Kiingereza peke yake: DANGER. CYANIDE. KEEP OUT.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imevuta watu wa kila aina. Aliyepata eneo alichimba duara, yaani shimo la dhahabu. Aliyekosa duara alinunua marudio ya wenzake na kuyaosha upya. Mwenye bwawa hilo alikuwa mmoja wa hao wa pili, mtu wa mtaji mdogo. Bango alilinunua ng'ambo ya mpaka likiwa limeshaandikwa, akalipigilia kwenye nguzo mbili, na kwa upande wake kazi ikawa imekwisha.

Mama mdogo alikuwa amepoteza mitamba wawili. Walikunywa pale, wakaanguka kabla ya kufika nyumbani. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, na kijito kikikauka, ng'ombe wote wa kitongoji hupitishwa njia ile kwenda kisimani. Alitaka jambo moja tu: bango libadilishwe kabla ya hapo, liseme kwa lugha ambayo mchungaji anaisoma.

Mimi nilikuwa nimerudi Tarime bila ajira na bila utulivu. Tasnifu yangu ya uzamili, iliyohusu usafishaji wa picha zilizopigwa kwenye mwanga hafifu, ilirudishwa na watahini, na siku ya utetezi mmoja wao aliniuliza swali fupi ambalo sikuweza kulijibu: nimethibitishaje? Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa na studio ya picha na duka la vifaa vya kuandikia huko Nkende. Alinipa meza ya pili na kompyuta ya mkononi yenye kibodi iliyofutika herufi tatu.

Mama mdogo alikuja mwenyewe siku ya gulio. Binamu alimwamkia shikamoo na kumpisha kiti.

"Mbona picha zako za usiku, mama?" nilimuuliza.

"Si za usiku. Ni alfajiri. Jua likitoka mlinzi wa bwawa anafukuza mtu mwenye simu kama anafukuza nyani."

"Na umepiga saba za kitu kimoja?"

"Nilikuwa natetemeka. Nikasema katika saba, moja itakubali."

Nilimwambia kwamba saba hizo zilikuwa zawadi kuliko alivyodhani. Kisha nikamuuliza anataka nini hasa. Akaeleza kwamba alishampelekea mwenyekiti wa kitongoji karatasi yenye maneno aliyoyapendekeza, na mwenyekiti akaikunja akaiweka mfukoni pamoja na vocha za simu.

"Karatasi haimwumi mtu," alisema. "Nataka waone bango lenyewe, pale pale lilipo, likiwa na Kiswahili. Wakiliona wataona aibu kwamba halipo."

Binamu alicheka. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwavalisha suti watu waliokuja na fulana na kumweka marehemu kwenye picha ya harusi ya mwanawe. "Dakika ishirini," alisema. "Futa herufi, andika nyingine, chapisha."

"Kwanza tuondoe chenga," nikasema.

"Msomi ameanza."

"Ukifuta herufi kwa kunakili kipande cha njano kutoka pembeni, unanakili na chenga zake. Chenga zilezile zitajirudia mahali pawili, na jicho litaona hata kama mtu hajui anachokiona. Na herufi mpya zitakuwa safi juu ya uchafu. Zitaelea."

Alinitazama, akavuta stuli. "Haya. Tuonyeshe."

Nilizipanga picha saba moja juu ya nyingine. Kwa kuwa mkono wa mama mdogo ulitetemeka, hakuna mbili zilizolingana. Nilizisogeza na kuzizungusha hadi misumari minne ya bango ikakaa mahali pamoja katika zote. Moja ilikuwa na ukungu wa mtikisiko, nikaiacha. Kisha nikachukua wastani wa zile sita. Bango halibadiliki kati ya picha na picha, lakini chenga hubadilika kila mara. Ukizichanganya, kilicho cha kweli hubaki na cha bahati nasibu hupungua. Mbele yetu njano ilianza kutulia. Masalia ya chenga za rangi niliyaondoa kwa nguvu zaidi, na ya chenga za mwanga kwa uangalifu, kwa sababu ukizidisha hapo mbao hugeuka nta na kingo za herufi huyeyuka. Pembe ya chini kushoto ilibaki nyeusi. Niliiacha hivyo. Kuondoa chenga hakuleti kitu ambacho kamera haikukiona.

Baada ya hapo ndipo nilipogusa maandishi. Nilifunika Kiingereza kwa njano ya jirani, nikihakikisha inazidi kuwa kahawia kuelekea kushoto kama mwanga wa alfajiri ulivyotaka. Mama mdogo alinitajia maneno, nami nikayaandika: HATARI. MAJI YA SUMU. USINYWE. USINYWESHE MIFUGO. Nilizilaza herufi kwa mshazari uleule wa bango, kwa kuwa alilipiga picha akiwa chini na kando. Sikutumia nyeusi kamili. Nyeusi ya rangi iliyopigwa jua ni kijivu chenye udongo. Nililegeza kingo za herufi kidogo zilingane na za fuvu dogo lililofifia juu ya maandishi, nikauacha mchirizi wa kutu uliotoka kwenye msumari upite juu ya herufi ya kwanza. Mwisho, nikamwaga chenga chache juu ya picha nzima, sawasawa, juu ya mpya na ya zamani.

"Umeziondoa, sasa unazirudisha?" binamu aliuliza.

"Kidogo. Ili vyote viwe vimepita kwenye kamera moja."

Mama mdogo aliinamia kioo. Kisha akaguna: "Lipo."

Nakiri kwamba neno hilo lilinifurahisha kuliko lilivyostahili. Kwa miezi mitatu sikuwa nimefanya kitu ambacho mtu alikiamini.

Picha ilikwenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti akairusha kwenye kundi la viongozi wa kata. Wiki mbili baadaye mama mdogo alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu kwa namna ya kutisha.

"Nimetoka kwa mtendaji wa kata. Amenipongeza."

"Kwa nini?"

"Kwa bango. Anasema ameliona, ameshaandika kwenye taarifa yake kwamba limebadilishwa. Nikamwambia halijabadilishwa. Akanionyesha picha yako. Akasema, mama, wewe hulijui bango lenu?"

Nilikaa chini. Nilipitia kila hatua kichwani, kama ada yangu, nikitafuta kosa, na nikagundua kwamba hakuna hatua niliyoikosea. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mama mdogo alitaka picha ya kuwaaibisha, nami nikampa picha ya kuwaridhisha. Ningeacha herufi zielee, kila mtu angeelewa kwamba hilo ni pendekezo. Tena sikuandika popote kwamba ni mfano. Njiani kutoka kwa mama mdogo hadi kwa mwenyekiti, na kutoka kwa mwenyekiti hadi kwa kundi, maelezo yalidondoka na picha ikabaki.

Kesho yake asubuhi nilibeba kompyuta ya mkononi ya binamu nikaenda na mama mdogo ofisini kwa mtendaji. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu. Nilimwamkia, nikafungua faili, nikamweleza. Nikazima tabaka la maandishi mapya: Kiswahili kikatoweka. Nikazima tabaka la njano: Kiingereza kikarudi. Nikafungua na ile picha ya kwanza kabisa, nyeusi, yenye chenga zake zote.

Alitazama kwa makini, akavua miwani.

"Binti, unaweza kuandika neno lolote juu ya bango hili?"

"Ndiyo, mzee."

"Na unaweza kuweka chenga?"

"Ndiyo."

"Basi nitajuaje kwamba hii nyeusi siyo uliyoitengeneza, na ile yenye Kiswahili ndiyo ya kweli?"

Ningeweza kumweleza kuhusu faili saba, saa zilizoandikwa ndani yake, mtikisiko wa mkono usiofanana. Kila jibu lilikuwa sahihi, na kila moja lingetoka kwenye kompyuta ileile iliyomdanganya. Niliifunga kompyuta.

"Hutajua kwa picha, mzee. Twende ukalione."

"Leo nina kikao."

"Kikao cha nini?" mama mdogo akadakia. "Cha ng'ombe waliokufa au cha watakaokufa?"

Karani aliyekuwa mlangoni alikohoa kuficha kicheko. Mtendaji alimtazama mama mdogo, kisha akachukua kofia yake.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Mlinzi alipomwona mtendaji alisimama wima na hakumfukuza mtu. Bango lilikuwa palepale, kwenye jua la saa tano, la njano zaidi kuliko nilivyolidhania. Pembe ile ya chini kushoto, ambayo niliiacha nyeusi, ilikuwa imevunjika. Mtendaji alisoma maneno manne ya Kiingereza kwa sauti, polepole, kisha akamwita kwa Kikurya kijana aliyekuwa akipitisha mbuzi.

"Mura, hapa pameandikwa nini?"

"Sijui, mzee. Labda jina la mwenye kiwanda."

Hakuuliza tena. Alimpigia simu mwenye bwawa papo hapo, na sisi tulisikia jibu lote kwa kuwa simu ilikuwa na spika mbovu iliyopiga kelele: naye alikuwa ametumiwa picha ile kutoka kundini, akadhani kata imeshaweka bango lake, akaona hana haja ya kuhangaika.

"Kata haijaweka," mtendaji alisema. "Utaweka wewe. Ijumaa. Na utalizungushia bwawa uzio wa miiba."

Nilirudi Nkende nikaichukua picha ile, nikaandika neno MFANO kwa rangi nyekundu kutoka pembe hadi pembe, bila kulilaza, bila kulilegeza kingo, bila chenga hata moja. Lilielea vibaya sana. Niliituma kwa mwenyekiti aiweke kundini, na chini yake nikaandika kwamba bango la Kiswahili kwenye picha ya kwanza lilikuwa kazi yangu na kwamba halikuwahi kuwepo.

Ijumaa nilikwenda. Fundi alipaka njano mpya juu ya mbao ileile, na ilipokauka akaanza herufi kwa brashi, mama mdogo akimsomea neno kwa neno. Alipofika kwenye MIFUGO nafasi ilikuwa imekwisha, ikabidi herufi mbili za mwisho zibanwe ndogondogo ukingoni. Binamu alikuwa amenituma nipige picha ya ukumbusho. Niliipiga mara moja tu, mchana, na sikuigusa.