Kudra wa Kalamu Chini

Hapa Chanika nzima, mtu wa Kiswahili ni mimi, Sadala. Shule niliiacha darasa la sita, ndiyo, lakini barua za posa mtaani naandika mimi, na hakuna hata moja iliyokataliwa. Sasa niambieni, huyu Kudra muuza vitumbua ametokea wapi?

Ametokea Kang'ata, mjane, ana watoto wawili. Darasa la saba alimaliza akikaa dawati la mbele. Kila alasiri watoto wa shule wanamzunguka jikoni kwake na madaftari. Sheria yake moja: kalamu chini! Kwanza useme sentensi nzima kwa mdomo, umoja na wingi, ndipo uandike.

Mpwa wangu Shamimu alikuwa anatafuta nafasi ya kwenda Korogwe kwenye mashindano ya Kiswahili ya shule. Mwalimu akatoa zoezi la kujaza viambishi. Mtoto akachukua daftari, huyo, anaelekea kwa Kudra! Nikampokonya mlangoni.

"Mjomba wako yupo, unakwenda kuuliza kwenye mafuta ya moto?"

Nikajaza kwa kalamu ya wino, chapchap, bila kusoma. Nikiona ki, naweka ki. *Kiongozi kizuri kimefika. Kipofu kimoja kimevuka.* Nikaona nimemaliza kazi.

Daftari lilirudi na nne kwa kumi. Shamimu hakulia. Alinitazama tu, na hilo likaniuma kuliko kilio. Mwalimu alimpa zoezi la pili, la mwisho, la siku inayofuata.

Akaenda kwa Kudra. Nami nikafuata, nikijidai nina njaa.

"Shikamoo mama," Shamimu akasema.

"Marahaba. Kalamu chini. Ukuta?"

"Ukuta mrefu umeanguka. Kuta ndefu zimeanguka."

"Kiongozi?"

"Kiongozi mzuri amefika. Viongozi wazuri wamefika."

"Kwa nini si kizuri?"

"Kwa sababu ni mtu. Watu na wanyama wanafuata *a* na *wa*, hata jina likianza na *ki*."

Kudra akageuza kitumbua, akanitupia jicho. "Kaka Sadala, kipofu?"

"Kipofu mmoja amevuka," nikajibu haraka.

"Ahaa! Mdomo wako unajua. Kalamu yako ndiyo inayojisifu."

Watoto wakacheka. Shamimu naye akacheka, tena kwa kumwegemea yule mama begani. Wivu ukanipanda hadi masikioni. Mimi nilimfundisha mtoto huyu kutembea!

Alipata kumi kwa kumi, akachaguliwa. Siku ya Korogwe nikavaa shati langu la Idi, nikakaa mbele. Mshereheshaji akamuuliza nani alimfundisha. Nikanyoosha kola.

"Mama Kudra wa Chanika," akasema. Akaniona pale mbele. "Na mjomba wangu Sadala. Yeye ndiye aliyenipeleka kwake."

Nilimpeleka! Nilimfuata, ukweli ndio huo. Lakini sikumsahihisha.

Siku hizi barua ya posa ikija, naisoma kwanza kwa sauti, kalamu chini. Kudra asijue.